Kidari kikavu, paja laini: kutafuta chanzo na kukirekebisha

Kuku ni mmoja, moto ni mmoja na sufuria ni moja, lakini kidari kinatoka kikavu hadi kinakwama kooni, na paja bado lina maji yake. Wengi hulaumu jiko au viungo. Kwa ninavyoona mimi, chanzo kikubwa ni kwamba ndani ya kuku huyo kuna nyama za aina mbili, na sisi tunazipa joto lile lile kwa muda ule ule. Hapa chini tutaanza na dalili unayoiona kwenye sahani, turudi nyuma hadi kwenye chanzo chake. Mfano wangu ni broila wa kilo 1.3 anayepikwa kuku wa kupaka, kwa sababu pishi hilo huchoma nyama kwanza kisha likaimalizia kwenye tui, na kidari huumia mara mbili.

## Kabla ya moto: tazama nyama mbichi

Weka kidari na paja visivyo na ngozi kwenye ubao mmoja. Kidari ni cheupe chenye uwaridi kidogo, paja ni jekundu zaidi. Rangi hiyo inatokana na mioglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya msuli. Kuku hushinda amesimama, anatembea na kuchakura, kwa hiyo misuli ya miguu ina nyuzi nyingi za kazi ya polepole isiyokatika. Nyuzi za namna hiyo hutumia oksijeni na huunguza mafuta, ndiyo maana zina mioglobini na mafuta ya akiba karibu. Kidari kazi yake ni kupiga mabawa kwa nguvu kwa sekunde chache, kuku anapoparamia ukuta au kumkimbia mbwa. Nyuzi zake ni za haraka, nene, zinatumia sukari iliyowekwa ndani ya msuli, na hazihitaji mafuta mengi.

Anayetaka kuhakikisha kwamba jambo hili ni la kazi wala si la mahali kwenye mwili, amkate njiwa. Njiwa huruka masafa marefu, na kidari chake ni chekundu sana, kuliko hata paja la kuku.

Kwa takwimu, nyama ya kidari isiyo na ngozi huwa na mafuta ya gramu 1 hadi 3 katika kila gramu 100. Ya paja huwa kama mara mbili ya hapo au zaidi. Lakini mahali mafuta yalipo pana uzito kuliko kiasi chake. Kidari kwa sehemu kubwa ni msuli mmoja mpana wenye nyuzi ndefu zilizolala upande mmoja, na mafuta yake karibu yote yako chini ya ngozi, nje ya nyama. Paja ni misuli midogo kadhaa iliyoshikanishwa, kila mmoja una utando wake, na kati ya mmoja na mwingine kuna mistari ya mafuta unayoweza kuiona kwa macho. Utando huo ni kolajeni, na tutaurudia, maana ndio unaolinusuru paja.

Kuna tofauti nyingine isiyoonekana. Sukari ya akiba iliyomo kwenye kidari hugeuka asidi baada ya kuku kuchinjwa, kwa hiyo pH ya kidari, kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi, hutulia karibu 5.8, ilhali ya paja hubaki juu kidogo, karibu 6.2 au zaidi. Tofauti inaonekana ndogo, lakini protini za nyama hushika maji vibaya zaidi kadiri pH inavyosogea kwenye 5.2 hivi. Kidari kinaanza safari kikiwa kimeshasogea huko.

## Dalili ya kwanza: kidari kinachanika nyuzi ndefu kavu, paja liko sawa

Hili ndilo tatizo la watu wengi, na mara nyingi jibu lake ni joto lililopita kiasi ndani ya kidari.

Nyama mbichi ya kuku ina maji kama robo tatu ya uzito wake. Maji hayo hayako huru, yameshikwa kati ya protini ndani ya kila uzi. Joto la ndani likifika nyuzi 50 hadi 55 za Selsiasi, protini iitwayo miosini huanza kuganda, nyama inageuka nyeupe na kushikamana. Hapo bado ina maji mengi, ila haijawa salama kuliwa. Kuanzia 60 hadi 65 vitando vya kolajeni vinavyozunguka nyuzi hujikunja, na maji yanasukumwa nje kama kitambaa kinachokamuliwa. Kati ya 66 na 73 hivi protini nyingine, aktini, nayo huganda, nyuzi hufupika zaidi, na maji yanazidi kutoka kadiri joto linavyopanda. Kidari kilichofika 85 kimekwisha.

Dalili zake zinaonekana mapema ukizijua. Matone meupe yanayoganda juu ya kidari wakati wa kuchoma ni protini iliyosukumwa nje pamoja na maji. Ukiyaona mengi, joto limepita au moto ni mkali mno. Ukitaka uhakika, pima uzito. Kipande cha gramu 200 kikitoka na gramu 160 hivi, bado kinalika vizuri. Kikitoka na gramu 140, kimepoteza asilimia 30, na hakuna mchuzi utakaokirudishia.

Sasa, paja nalo hupoteza maji. Ukilipima uzito utashangaa kwamba pengo si kubwa kama mdomo unavyokuambia. Linachofanya paja ni kuweka kitu kingine badala ya maji yaliyoondoka. Mafuta yaliyomo kati ya misuli huyeyuka na kuzipaka nyuzi, meno yanapita kwa urahisi na mate yanatoka mengi. Ile kolajeni nayo, likifika joto la 70 na kuendelea kwa muda, huyeyuka polepole ikawa jelatini, ule ute unaokufanya ulambe vidole baada ya kula supu ya miguu. Jelatini hushika maji na kubaki kati ya nyuzi. Kidari kina kolajeni kidogo sana na mafuta kidogo sana. Maji yakishaondoka, zinabaki nyuzi zenyewe.

Ndiyo sababu nyama hizi mbili zinataka mwisho tofauti. Kidari kinataka kuondolewa mara tu kinapokuwa salama. Paja linataka kupita hapo, lifike 80 hadi 85 na likae kidogo, ili kolajeni yake ipate muda.

Kuhusu usalama, Shirika la Afya Duniani linashauri nyama ifike angalau 70 katikati, na Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema 74. Mimi hulenga 74 kwa kidari, lakini hukiondoa motoni kinapofika 70 au 71, nikakifunika dakika 5. Kipande kinene chenye mfupa huendelea kupanda chenyewe kwa joto lililoko nje yake. Kipande chembamba hakipandi sana, kwa hiyo hicho kiache motoni hadi kifike. Kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama ni kitu cha bei ya kawaida siku hizi, na kwa tatizo hili kina faida kuliko kiungo chochote. Ncha yake iingie sehemu nene zaidi bila kugusa mfupa. Asiye nacho akate kipande kimoja sehemu nene: nyama iwe nyeupe hadi katikati, isiwe na ung'avu wa ubichi, na maji yanayotoka yawe safi. Njia hii si kamili, hivyo ukikosea, kosea upande wa kuivisha.

Turudi kwa broila wetu wa kupaka. Mkate mapaja mawili, miguu miwili ya chini, mabawa mawili, na kidari ukigawe vipande vinne vikiwa na mfupa na ngozi. Vipakae chumvi, tangawizi na kitunguu saumu. Kwenye mkaa uliotulia, wenye majivu meupe juu, tangulia na mapaja na miguu, dakika 20 hadi 25 ukigeuza. Vidari viingie baadaye, upande wa mkaa usio mkali, ngozi ikiwa chini kwanza, na vikae kama dakika 10 hadi 12 tu. Shabaha yake ni ngozi ipate rangi na harufu ya moshi, na ndani iwe imefika karibu 60. Bado havijaiva na haviwi chakula mpaka viende kwenye tui, basi visikae pembeni muda mrefu. Wakati huo mapaja yawe yameingia kwenye mchuzi wa nazi unaochemka polepole, dakika 15 au 20. Vidari viingie mwisho, moto ukiwa mdogo kiasi cha tui kutikisika tu bila kububujika, dakika 5 hadi 8, hadi kipimajoto kiseme 72 au 74. Zima moto, funika. Muda unategemea mkaa wako na unene wa vipande, lakini utaratibu haubadiliki: paja litangulie, kidari kifuate.

## Dalili ya pili: kimechemshwa ndani ya supu, na bado ni kikavu

Hii huwachanganya watu kuliko zote, maana nyama imezungukwa na maji. Lakini maji ya nje hayaingii kwenye uzi uliojikunja. Kukakamaa kwa protini kunasukuma maji kwenda nje tu, iwe nyama iko kwenye mkaa, mafuta au mchuzi. Supu inayobubujika ina joto karibu 100, na kidari kilichokaa humo dakika 40 kimefika juu ya 90 hadi katikati. Utakitoa kinatiririka, utakitafuna utakuta nyuzi.

Kumwagia mafuta hakusaidii zaidi. Mafuta ya kupikia hayapenyi ndani ya msuli, yanabaki juu. Ngozi nayo hulinda uso usiungue, lakini mafuta yake hayahamii katikati ya nyama. Faida ya siagi au tui ni kwenye mdomo: ukikichambua kidari kilichopita kiasi na kukichanganya na mchuzi mzito, unampa mlaji kile ambacho paja lilikuwa nacho lenyewe. Hiyo ndiyo njia pekee ninayoiamini ya kuokoa kidari kilichoharibika. Kichane kuelekea kinyume cha nyuzi, vipande vifupi, kichanganye na mchuzi kingali moto.

Kinga ni kupunguza joto la supu. Chemsha maji na viungo vyako, tia kidari, punguza moto hadi uso wa maji utulie, na anza kupima baada ya dakika 12 kwa kipande cha kawaida kisicho na mfupa. Kama unataka supu nzito, acha mifupa na miguu iendelee kuchemka, wewe umekwisha kukitoa kidari.

Kinga ya pili ni chumvi ya mapema, na hii ndiyo inayobadilisha nyama yenyewe. Chumvi ikiingia ndani ya uzi hulegeza miosini, protini zinaachana kidogo na kutoa nafasi, na nyama inashika maji zaidi hata inapopikwa. Tumia gramu 15 za chumvi kwa kilo moja ya nyama, ukiipakaza kavu na kuiacha kwenye friji saa chache au usiku mzima. Au yeyusha gramu 50 kwenye lita moja ya maji baridi, uloweke vipande vya kidari saa 1 hadi 2, kwenye friji vilevile, halafu uvikaushe kwa karatasi kabla ya kuchoma. Usizidishe saa, kitakuwa cha chumvi na cha kuteleza kama soseji. Na usitie chumvi tena kwenye mchuzi kabla ya kuonja. Chumvi hukupa nafasi ya kukosea kwa nyuzi joto chache. Haikikingi kidari kilichoachwa motoni nusu saa zaidi.

## Dalili ya tatu: ncha imekauka, sehemu nene bado mbichi

Hapa chanzo ni umbo. Kidari kisicho na mfupa ni kinene upande wa bega na chembamba sana upande wa chini, na tofauti inaweza kuwa mara tatu. Hakuna moto utakaoviivisha pamoja. Kifunike kwa karatasi ya nailoni na kukiponda taratibu kwa mwichi au chupa hadi unene uwe kama sentimita moja na nusu kote, au kipasue katikati kwa ubapa. Kisha pika kwa muda mfupi.

## Dalili ya nne: uso ni wa unga unga, ndani ni kikavu

Uliza kililowekwa kwenye nini. Ndimu na siki zikikaa saa nyingi huigeuza sehemu ya juu ya nyama kuwa nyeupe na yenye kumeng'enyuka, kwa sababu asidi inagandisha protini kabla ya moto. Pia zinasukuma pH ya kidari kuelekea pale pale inaposhika maji vibaya. Papai bichi ni kali zaidi, linavunja protini za juu hadi zikawa uji, na haliwezi kufika katikati. Kwa paja madhara ni madogo, lina pa kujitetea. Kwa kidari weka ndimu nusu saa tu, au ikamue mezani. Mtindi ni mpole na unavumilia usiku mzima.

## Dalili ya tano: umefanya yote sawasawa, kidari bado kigumu au kinatoa maji mengi

Sasa chunguza ndege mwenyewe. Broila wa siku hizi hufugwa wiki 5 hadi 6 na vidari vyake hukua upesi mno. Baadhi hupata kasoro ambayo watafiti wa Finland waliieleza mwaka 2014: kidari kibichi ni kigumu kikiminywa, kimevimba upande mmoja, mara nyingine kina mistari myeupe ya mafuta. Nyuzi zake zimeharibika na nafasi yake imechukuliwa na tishu ngumu. Hakina madhara ya kiafya kwa mlaji, lakini kinashika maji vibaya na kinatafunika kwa kukatakata menoni. Usipoteze muda kukichoma. Kisage, kifanye kababu au katlesi.

Kidari kilichopauka sana, kilicholegea, kinachovuja maji mengi kwenye trei, mara nyingi kimetoka kwa kuku aliyeteseka kwa joto kabla ya kuchinjwa. Sukari ya msuli iligeuka asidi haraka wakati mwili bado ni wa moto, na protini zikaharibika kabla hata hazijafika jikoni. Chumvi ya mapema inasaidia kidogo.

Kuku aliyegandishwa, akayeyuka, akagandishwa tena hupoteza maji kwa sababu nyingine. Vipande vya barafu huchana kuta za nyuzi. Utaona dimbwi la maji mekundu kwenye mfuko. Myeyushe kwenye friji usiku mzima na umpike mara moja.

Jogoo wa kienyeji au kuku wa mayai aliyezeeka ni habari nyingine kabisa. Kolajeni yake imekomaa na kufungamana, na miguu inaweza kuhitaji saa 2 za moto mdogo. Kidari chake kikikaa saa hizo zote kinakuwa kamba. Kata kidari mapema, kipike kando katika vipande vyembamba vilivyokatwa kinyume cha nyuzi, au kisubiri hadi miguu ikaribie kulainika.

## Dalili ya sita: safari hii paja ndilo baya

Ukishaanza kukiogopea kidari, ni rahisi kulitoa paja mapema pia. Paja lililotolewa kwenye 70 ni salama kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, lakini linanyumbuka kama mpira, kolajeni yake haijageuka jelatini na utando unashika meno. Lirudishe motoni, dakika 10 hadi 15 za moto mdogo zinatosha kulibadilisha.

Wekundu karibu na mfupa usikutishe peke yake. Broila ni mchanga, mifupa yake ina vitundu, na rangi ya uboho hupenya hadi kwenye nyama, hasa kama aligandishwa. Paja linaweza kuwa limefika 80 na bado likawa na doa jekundu pale pale mfupani. Choma kipimajoto upande wa ndani wa paja, karibu na kiungo lakini bila kugusa mfupa, na ufuate namba hiyo badala ya rangi.